Daraja la Chumvi Likiondolewa, Ioni Huenda Wapi?

Juu ya meza ya maabara ya shule pana bika mbili za kioo zilizowekwa bega kwa bega. Moja ina mmumunyo wa salfeti ya zinki, usio na rangi, na bamba la zinki limesimamishwa ndani yake. Nyingine ina mmumunyo wa buluu wa salfeti ya shaba, dawa ambayo wakulima wengi wanaifahamu kwa jina la mrututu, na ndani yake limo bamba la shaba. Waya umetoka bamba la zinki hadi kwenye voltimita, na waya mwingine umetoka voltimita hadi bamba la shaba. Kwa macho kila kitu kipo mahali pake, lakini mshale umelala kwenye sifuri.

Mwanafunzi anachukua ukanda wa karatasi ya chujio uliolowekwa katika mmumunyo wa nitreti ya potasiamu, anaukunja, na kutumbukiza ncha moja katika kila bika. Papo hapo mshale unapanda hadi karibu na volti 1.1. Akiuondoa ukanda, mshale unaanguka. Akiurudisha, unapanda tena.

Ukanda huo ndio daraja la chumvi. Katika maabara nyingine huwa ni mrija wa kioo uliopindwa kama herufi U, umejazwa chumvi hiyo hiyo iliyochanganywa na agari ili igande isimwagike. Wanafunzi wengi hukariri kwamba kazi yake ni kukamilisha sakiti, wakaishia hapo. Ili kuelewa hasa linafanya nini, inabidi kufuatilia ioni zenyewe, kwanza daraja likiwepo na kisha likiwa limeondolewa.

Kazi inaanzia kwenye zinki. Zinki ni metali inayoachia elektroni zake kwa urahisi kuliko shaba. Kila atomu ya zinki inayotoka kwenye bamba huacha nyuma elektroni 2 na kuingia majini ikiwa ioni yenye chaji chanya 2. Elektroni hizo hupita kwenye waya na kufika kwenye bamba la shaba. Huko husubiriwa na ioni za shaba zilizomo katika mmumunyo wa buluu. Ioni ya shaba inapogusa bamba huchukua elektroni 2, ikageuka kuwa atomu ya shaba na kujibandika hapo. Bamba la zinki hupungua uzito, la shaba huongezeka, na elektroni zinazopita kwenye waya ndizo zinazotupatia umeme.

Tatizo liko ndani ya mimumunyo. Kabla ya waya kuunganishwa, kila bika ilikuwa na mizani kamili: kwa kila ioni ya zinki kulikuwa na ioni moja ya salfeti yenye chaji hasi 2, na upande wa shaba vivyo hivyo. Sasa bika ya zinki inapokea ioni mpya za zinki bila kupata salfeti ya kuzilinganisha, kwa hiyo inaelemea upande wa chaji chanya. Bika ya shaba inapoteza ioni za shaba huku salfeti zake zikibaki, kwa hiyo inaelemea upande wa chaji hasi. Waya hauwezi kurekebisha hali hiyo, kwa sababu waya hupitisha elektroni tu, na elektroni haziogelei katika maji ya mmumunyo.

Hapo ndipo daraja linapofanya kazi. Ndani yake mna ioni za potasiamu zenye chaji chanya na ioni za nitreti zenye chaji hasi, zote zikiwa huru kutembea. Nitreti huvutwa kuelekea bika ya zinki, ambako chaji chanya imeanza kuzidi. Potasiamu huelekea bika ya shaba, ambako salfeti zimebaki bila wenzao. Wakati huo huo baadhi ya ioni za zinki na za salfeti nazo huingia darajani kutoka pande zao. Kwa kila chaji inayopita kwenye waya, chaji ya kiasi hicho hicho hupita darajani, ikibebwa na ioni. Wanaodhani kwamba elektroni huzunguka kupitia darajani na kurudi kwenye zinki wamekosea: hakuna elektroni hata moja inayosafiri humo.

Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Seli ikitoa mkondo wa miliampea 5 kwa saa 2, chaji inayopita ni kulombi 36. Zinki iliyoyeyuka katika muda huo ni takriban miligramu 12, na shaba iliyojibandika inakaribia kiasi hicho hicho. Daraja nalo limepitisha kulombi 36 hizo hizo. Ndiyo maana huwekewa chumvi nyingi: likiwa na ioni chache, hupitisha chaji kwa shida.

Sasa liondolewe. Maelezo ya haraka husema kwamba chaji hujikusanya katika bika mbili hadi mkondo unapokoma. Maelezo hayo ni sahihi, lakini humfanya msomaji adhani kwamba mkusanyiko huo huchukua dakika kadhaa, na kwamba mkondo hufifia polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Mambo hayaendi hivyo.

Nguvu za umeme ni kubwa mno kiasi kwamba chaji kidogo sana iliyozidi inatosha kusimamisha kila kitu. Bika mbili zilizokaa karibu, zisizo na kitu cha kuziunganisha ila waya, zina uwezo mdogo sana wa kutunza chaji. Kwa makadirio ni pikofaradi 10 hivi. Ili bika ya zinki iwe chanya na ya shaba iwe hasi kiasi cha kuipinga volti 1.1 ya seli, inatosha ioni zipatazo milioni 30 au 40 za zinki zitoke kwenye bamba. Idadi hiyo inasikika kubwa, lakini mililita 100 za mmumunyo wenye moli 1 kwa lita zina ioni za zinki zinazohesabika kwa 6 ikifuatwa na sifuri 22. Hakuna mizani ya maabara inayoweza kupima zinki iliyoyeyuka hapo. Kwa mkondo wa miliampea 5, chaji hiyo hupita kwa muda mfupi zaidi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Baada ya hapo, elektroni inayotaka kutoka kwenye zinki hurudishwa na mvuto wa chaji chanya iliyozidi upande wake, na inayokaribia shaba husukumwa na chaji hasi ya upande huo. Kwenye uso wa bamba la zinki, atomu bado zinatoka na ioni bado zinarudi, lakini zinazotoka zinalingana na zinazorudi. Upande wa shaba ni hivyo hivyo. Salfeti na zinki zilizomo katika mimumunyo hubaki humo, kwa kuwa hazina njia ya kuvuka. Kama ingewezekana kulazimisha miligramu 1 tu ya zinki iyeyuke bila daraja, tofauti kati ya bika hizo mbili ingefika mamia ya mabilioni ya volti. Seli yenye volti 1.1 haiwezi hata kuanza safari hiyo.

Anayetaka kujionea mwenyewe aache seli mbili usiku kucha, waya umeunganishwa moja kwa moja kutoka zinki hadi shaba, moja ikiwa na daraja na nyingine isiwe nalo. Atumie mimumunyo hafifu ili mabadiliko yaonekane. Katika seli yenye daraja rangi ya buluu hufifia kidogo kidogo, na shaba mpya huonekana juu ya bamba. Katika seli isiyo na daraja, buluu hubaki kama ilivyokuwa.

Swali linalofuata huulizwa karibu kila darasa: kwa nini mimumunyo isimwagwe tu katika chombo kimoja, daraja lisihitajike? Ikifanywa hivyo, ioni za shaba hufika moja kwa moja kwenye bamba la zinki na kuchukua elektroni papo hapo. Zinki hufunikwa na tabaka jeusi-jekundu la shaba, mmumunyo hupata joto, na elektroni nyingi hazipiti tena kwenye waya. Nishati iliyopaswa kuwa umeme huishia kuwa joto. Kwa hiyo daraja lina kazi mbili zinazoonekana kupingana: kupitisha ioni za kutosha kudumisha mizani, na kuichelewesha mimumunyo isichanganyike.

Mwingereza John Frederic Daniell, aliyekuwa profesa wa kemia katika King's College, London, alikabiliana na tatizo hilo mwaka 1836 alipounda seli ya zinki na shaba inayoitwa kwa jina lake. Yeye hakutumia mrija wa chumvi. Mwanzoni alitenganisha mimumunyo kwa utando wa umio wa ng'ombe, na baadaye chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'arisha kikachukua nafasi hiyo. Matundu madogo ya udongo huo hupitisha ioni na kuzuia mimumunyo isikimbilie kuchanganyika. Seli za aina hiyo zilitumika sana kuendesha simu za maandishi katika karne ya 19.

Chumvi ya daraja nayo huchaguliwa. Ioni zake zisigombane na zilizomo katika bika, na ni vizuri ioni chanya na hasi zitembee kwa kasi inayokaribiana, ili daraja lenyewe lisizae volti za ziada. Potasiamu na kloraidi zinakaribiana sana kwa kasi, na ndiyo sababu kloraidi ya potasiamu hupendwa. Lakini bika moja ikiwa na nitreti ya fedha, kloraidi hukutana na ioni za fedha na kufanya unga mweupe usioyeyuka, ambao huziba ncha ya daraja. Hapo nitreti ya potasiamu ndiyo inayofaa.

Daraja linaweza pia kuwepo na bado lisifanye kazi yake vizuri. Karatasi ikianza kukauka, ioni hupita kwa taabu. Voltimita ya dijitali huenda isilitambue tatizo hilo, kwa kuwa inahitaji mkondo mdogo mno, na inaweza kuendelea kusoma karibu volti 1.1. Njia ya kulifichua ni kuunganisha rezista ya omu 100 kati ya mabamba mawili huku voltimita ikisoma. Ikiwa usomaji utashuka hadi volti 0.1, mkondo ni miliampea 1 na volti 1.0 imepotelea ndani ya seli, maana yake ukinzani wa ndani ni omu 1,000. Mara nyingi sehemu kubwa ya ukinzani huo iko darajani.

Kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi ambaye seli yake haitoi mkondo asikimbilie kubadilisha mabamba wala kulaumu voltimita. Aanze kwa kuulowesha upya ukanda katika chumvi, ahakikishe ncha zake zote mbili zimezama, kisha apime tena.