Mkono Kwenye Meza ya Zawadi

Mpiga video wa harusi anatazama kile tu alichokilenga. Kamera yake huchukua na yaliyo pembeni. Hadithi fupi nzuri inaweza kuzaliwa katika tofauti hiyo, ila mwandishi sharti aijue kamera.

Chukua hii niliyoitunga. Ukumbini Dar es Salaam, wageni wanaserebuka kwa foleni kwenda kuwatunza maharusi. Nyuma yao ipo meza ya zawadi. Kesho yake usiku, akihariri, kijana aliyepiga video anamwona shangazi wa bibi harusi ameinamia meza, mkono wake ndani ya bahasha ya kaki. Tukio zima ni sekunde 4.

Swali la kwanza: kamera ingeliona kweli? Lenzi ikiwa wazi sana, tuseme f/1.8, wageni wa mbele hutoka safi na nyuma hubaki ukungu mtupu. Kwa hiyo nilimfanya MC aombe taa zote ziwashwe. Kijana akatumia lenzi pana na kuibana hadi f/5.6 ili foleni yote ionekane, na meza ikaonekana pamoja nayo.

Swali la pili ni la kukuza picha. Katika filamu ya Blow-Up ya Michelangelo Antonioni, ya mwaka 1966, mpiga picha anakuza picha za bustanini London na kuona mtu mwenye bastola. Anapozidi kukuza, anabaki na chembechembe tu. Video ni hivyo hivyo: uso wa mtu wa mbali una vidoti vichache, na kuukuza hakuongezi hata kimoja. Kijana hawezi kusoma jina juu ya bahasha. Shangazi anamtambua kwa kilemba chake cha njano, na bahasha kwa rangi, maana nyingine zote ni nyeupe.

Akiwa ameshaamini kwamba ameona wizi, anarudi nyuma, fremu moja moja. Kwa fremu 25 kila sekunde, anazo 100. Katika chache za mwanzo, mkono unatoka kwenye mkoba wa shangazi ukiwa umeshika noti. Unaingia kwenye bahasha na kutoka mtupu.

Anatafuta klipu za mapema. Baba mdogo wa bibi harusi, aliyevaa koti lililompwaya, anasimama mbele ya meza ile na bahasha ya kaki. Anaigeuza mikononi, anaiweka, anairudia, kisha anaiacha na kuondoka haraka. Hatua mbili nyuma yake kuna kilemba cha njano.

Sauti haisaidii kitu, muziki umefunika yote, na nisingekubali kumpa msomaji mnong'ono ambao maikrofoni isingeunasa. Picha inatosha.

Video waliyokabidhiwa maharusi haina sekunde hizo 4.