Safu au Kipimo: Hesabu ya DAX Ifanyike Lini?

Katika modeli ya DAX, lugha ya fomula iliyokuja na Power Pivot ya Excel mwaka 2010 na ambayo leo wengi huikuta ndani ya Power BI, hesabu moja inaweza kuandikwa kwa njia mbili. Safu ya kukokotoa huongezwa kwenye jedwali. Fomula yake hupigwa mstari kwa mstari data inapopakiwa, na majibu hukaa humo hadi data ihuishwe tena. Kipimo hakihifadhi chochote ila fomula yenyewe. Hukokotolewa pale msomaji wa ripoti anapochagua mwezi, tawi au bidhaa, kwa kutumia mistari iliyobaki baada ya kuchuja.

Tofauti hiyo ya wakati ndiyo huzaa kosa la kuweka asilimia kwenye safu. Tuseme jedwali Mauzo la duka la vifaa vya ujenzi lina mistari miwili: misumari iliyouzwa kwa shilingi 1,000 ikaleta faida ya 500, na saruji iliyouzwa kwa 99,000 ikaleta faida ya 9,900. Safu inayogawa faida kwa mapato itaandika asilimia 50 na asilimia 10. Ripoti ikichukua wastani wa safu hiyo itaonyesha 30, ilhali duka limepata faida ya 10,400 katika mauzo ya 100,000, yaani asilimia 10.4. Ripoti ikijumlisha badala ya kuchukua wastani, kosa huwa rahisi kugundua, kwa kuwa mistari ikiongezeka jumla hupita 100. Wastani ndio hatari, maana 30 ni namba inayoaminika. Dawa yake ni kipimo kinachojumlisha kwanza na kugawa baadaye:

```
Asilimia ya Faida =
DIVIDE ( SUM ( Mauzo[Faida] ), SUM ( Mauzo[Mapato] ) )
```

Yapo mambo ambayo kipimo hakiyawezi. Mwenye duka akitaka kuchagua kati ya bidhaa za bei ya chini, ya kati na ya juu, madaraja hayo lazima yawe kwenye safu, kwa sababu vitufe vya kuchuja na mihimili ya chati hulishwa na safu. Safu ya namna hii haina gharama ya kutisha: thamani zake ni tatu tu.

Gharama ya safu hutegemea zaidi wingi wa thamani zake tofauti. VertiPaq, mtambo unaohifadhi data iliyopakiwa, huweka kila safu peke yake kwenye kumbukumbu na kuibana. Chukua jedwali la mistari milioni 10 lenye bei tofauti 400 na viwango 50 vya idadi. Zote mbili hubanwa vizuri. Zikizidishwa ili kupata thamani ya kila mauzo, safu mpya inaweza kufikia thamani tofauti 20,000. Tena, mpangilio wa mistari unaosaidia kubana huchaguliwa kabla ya safu za kukokotoa kupigwa hesabu, kwa hiyo hazifikiriwi katika uchaguzi huo. Ndiyo maana safu isiyohitaji DAX ni afadhali itengenezwe mapema katika Power Query au kwenye hifadhidata.

Wengi huongeza safu ya kuzidisha wakidhani ripoti itakwenda kasi. Mara nyingi faida hiyo haionekani, kwani kipimo hiki hufanya kazi ileile:

```
Jumla ya Mapato = SUMX ( Mauzo, Mauzo[Idadi] * Mauzo[Bei] )
```

Kuzidisha kwa namna hii hufanywa na mtambo wa hifadhi wenyewe, ambao hugawa kazi kwa viini vingi vya prosesa. Mambo hubadilika fomula inapojaa masharti magumu, kwa mfano kumtafutia kila mteja tarehe aliyonunua mara ya mwisho kabla ya mauzo yanayohesabiwa. Hapo kazi huangukia mtambo wa fomula, unaotumia kiini kimoja, na msomaji husubiri kila anapobonyeza. Jibu lisilotegemea chaguo la msomaji, kama tarehe hiyo, ni halali kulipiwa kumbukumbu kwa kuwekwa kwenye safu.

Pasipo uhakika, kupima ni bora kuliko kubahatisha. Kichanganuzi cha VertiPaq ndani ya DAX Studio huonyesha ukubwa wa kila safu na idadi ya thamani zake, na Server Timings hutenganisha muda wa mtambo wa hifadhi na ule wa fomula. Vipimo hivyo vya kumbukumbu vinahusu modeli iliyopakiwa tu. Katika DirectQuery, safu za kukokotoa hazihifadhiwi. Hupigwa hesabu upya kwenye hifadhidata ya chanzo kila swali linapoulizwa.