Stoki ya Rumonge haikutumwa, na kompyuta inasema kila kitu ni sawa

Mama mmoja mwenye duka la jumla mjini Rumonge aliamka Jumatano akapigiwa simu na ghala lake la Bujumbura. Huko walikuwa wanapakia gari la kushuka kwake kwa barabara ya RN3, kama kilomita 70 kando ya ziwa, na orodha iliyo mbele yao ilionyesha kwamba Rumonge bado kuna sabuni na sukari tele. Lakini rafu zilikuwa tupu, kwa sababu Jumanne aliuza sana. Kila usiku saa tatu kompyuta ya duka hutuma Bujumbura mauzo ya siku ili stoki za pande mbili zilingane. Alipofungua ukurasa wa taarifa za usiku ule alikuta mstari huu:

```
Sync completed. 0 rows sent.
```

Swali lake lilikuwa la haki kabisa: imekamilika vipi, na haijatuma hata risiti moja?

Jibu linaanzia kwenye mstari huohuo. Kama mtandao ungekatika, kungeandikwa kwamba imeshindwa kufika Bujumbura. Kama kompyuta ingekuwa imezimwa saa tatu, pasingekuwa na mstari wowote wa usiku ule. Hapa programu iliamka kwa wakati, ikafika ghalani, ikatafuta mauzo mapya, ikaona hakuna. Kwa hiyo kinachopaswa kuchunguzwa si mtandao. Ni ile namna programu inavyoamua kwamba hili ni jipya na lile ni la zamani.

Programu nyingi za duka huamua kwa saa. Kila risiti inapokatwa, kompyuta huiandikia tarehe na wakati wake. Programu nayo hukumbuka mara ya mwisho ilipotuma, na usiku unaofuata huomba kila kilichoandikwa baada ya hapo. Ombi la Jumanne lilikuwa hivi:

```
SELECT * FROM mauzo
WHERE wakati > '2025-09-15 21:00';
```

Yaani: nipe mauzo yote yaliyoandikwa baada ya Jumatatu tarehe 15 saa tatu usiku. Ombi halina kosa lolote. Ila linaamini kwamba saa ya kompyuta haidanganyi, na Jumanne ilidanganya kutwa nzima.

Nilimwomba mama anitafutie kopi ya risiti yoyote ya Jumanne mchana. Akanisomea ya bidoni tatu za mawese, na juu yake pameandikwa 01/01/2018 02:14. Risiti zote 95 za siku hiyo, kuanzia namba 18413 hadi 18507, zilikuwa na tarehe hiyohiyo ya mwaka 2018. Kwa programu, hayo ni mauzo ya miaka saba iliyopita, na ya zamani hayatumwi.

Tarehe hiyo ilitoka wapi? Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ubao wake mkuu, kuna betri bapa ya duara inayoitwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine imekosa umeme wa ukutani. Umeme ukiwepo, betri hupumzika, na ndiyo maana inaweza kuwa imekufa kwa miezi bila mtu kujua. Usiku wa kuamkia Jumanne umeme ulikatika kwa saa nyingi. Betri ilikuwa imeisha, saa ikasimama, na asubuhi mashine ilipowashwa ilirudi kwenye tarehe ya kuanzia iliyowekwa na kiwanda. Tarehe hiyo hutofautiana. Kwa mashine hii ni siku ya kwanza ya 2018.

Mashine ilijaribu kusema. Kijana aliyefungua duka anakumbuka kwamba asubuhi ile kioo kilisimama kwenye maandishi meupe, chini yake `Press F1`. Akabonyeza F1, kompyuta ikaendelea, wateja wakaanza kuhudumiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba maandishi yale maana yake ni saa na mipangilio vimepotea. Jioni, baada ya mteja wa mwisho, karani alitaka kusoma barua pepe na kivinjari kikamkatalia:

```
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Kila tovuti salama hubeba hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa kompyuta iliyo 2018, hati ya 2025 bado haijaanza, kwa hiyo hukataliwa. Karani ni mtu makini: aliona tarehe imekosewa, akaisahihisha kwa mkono. Ndiyo maana saa tatu usiku programu iliamka kwa wakati na kufika Bujumbura bila kizuizi. Asingeisahihisha, programu isingeamka saa tatu, na pasingekuwa na mstari wa kusema imekamilika. Kusahihisha saa hakukusahihisha risiti zilizokwisha kuandikwa.

Sasa, mauzo yale 95 yatafikaje? Hapa naomba wenye maduka wawe waangalifu sana, kwa sababu wengi hukimbilia kuyaandika upya kwa mkono. Ukiyaandika upya, stoki ya Rumonge inapungua mara mbili: bidoni tatu zinakuwa sita, na wiki nzima mnatafuta mwizi ambaye hayupo. Risiti zilezile ndizo zinazotakiwa kurekebishwa tarehe, fundi akiwa ameweka nakala pembeni kwanza, kisha zitumwe na namba zao zilezile. Ghala nalo liwe limepangwa kukataa namba ambayo tayari linayo. Hapo hata zikitumwa mara mbili, hesabu haibadiliki.

Betri ni dawa ya leo tu. Bei yake ni ndogo na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, mashine ikiwa imechomolewa. Dawa yenyewe ni kuacha kuitegemea saa. Namba za risiti hupanda moja moja, umeme uwepo usiwepo, kwa hiyo swali la usiku linaweza kuwa:

```
SELECT * FROM mauzo
WHERE namba > 18412;
```

Mwambao huu una sababu nyingine ya kuipendelea namba. Burundi iko saa moja nyuma ya Kigoma, ilhali ng'ambo ya Kongo saa ni sawa na yetu. Mtu akirekebisha kompyuta ya Rumonge kwa kuangalia simu iliyotoka Kigoma, risiti zake zitakwenda saa moja mbele, na hitilafu ya saa moja haionekani kwa macho kama ya miaka saba.

Namba nayo ina mpaka wake. Inakamata risiti mpya, haikamati ya zamani iliyobadilishwa. Mteja akirudisha mfuko wa mchele Alhamisi na karani akafungua risiti ya Jumatatu kupunguza idadi, namba haipandi, na Bujumbura haitajua. Dukani kwa mama tumekubaliana kwamba risiti iliyokwisha kukatwa haiguswi. Marejesho yanakatiwa risiti yake, yenye namba yake mpya. Na programu imeongezewa sharti moja: ikikuta sifuri usiku wa siku ambayo duka lilifunguliwa, isiandike kwamba imekamilika. Itume ujumbe kwenye simu ya mama, kabla ghala halijaanza kupakia gari.