Miembe 115 kwa hekta, kumi iko wapi?

Mtu akitaka kupanda miembe kwa nafasi ya mita 10, hatakosa wa kumwambia: panda kwa pembetatu, utapata miche 115 kwa hekta badala ya 100. Hesabu yenyewe ni sahihi. Katika mraba kila mwembe unachukua mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Katika pembetatu yenye pande sawa, mistari inasogeleana hadi mita 8.66, kwa hiyo kila mti unachukua mita za mraba 86.6 tu. Gawanya 10,000 kwa namba hiyo upate 115. Miti haijakaribiana hata kidogo. Kilichopungua ni ule uwazi wa katikati ya miti minne.

Sasa tuingie shambani. Chukua hekta ya mita 100 kwa 100, na mti wa kwanza uwe mita 5 kutoka mpakani. Kwa mraba unapata mistari 10 ya miti 10. Kwa pembetatu, mita 90 zinazobaki zinatosha mistari 11, lakini mstari wa pili umesogezwa mita 5 pembeni, basi unabeba miti 9 tu, maana wa kumi ungeangukia mpakani kwa jirani. Mistari sita ya miti 10 na mitano ya miti 9: jumla 105. Faida ni miche mitano, si 15! Shamba likikua, hasara ya pembezoni inamezwa: mita 400 kwa 400 linabeba 1,817 kwa pembetatu, na 1,600 kwa mraba.

Kosa ninaloliona zaidi ni la kupanda zigizaga na kuacha mistari mita 10 ileile. Kwa macho shamba linapendeza, lakini miti haiongezeki. Katika hekta ile ile inapungua hadi 95. Dawa yake ni kamba. Funga kitanzi cha mita 30, kitie alama kila baada ya mita 10. Alama mbili zikae kwenye vigingi vya mstari wa kwanza, mwenzako avute ya tatu hadi kamba ikaze pande zote. Hapo ndipo pa kuchimba shimo. Kila mstari ukikamilika upime upya tangu ule wa kwanza, kwani kosa la kiganja kimoja husafiri na kuongezeka.

Mimi kwa shamba dogo la trekta au jembe la ng'ombe, ninapolima mahindi kati ya miembe miaka ya mwanzo, huchagua mraba. Njia zake ni za mita 10, nazo zinakutana kwa pembe mraba. Za pembetatu ni mita 8.66 na zinakatana kwa mshazari, dereva akigeuka anasugua gome.