Hati Halisi, Muuzaji Asiye na Mamlaka

Kwa kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa Tanzania, hati miliki aliyoishika muuzaji haitoshi kukuthibitishia kwamba anaweza kukuuzia. Linalohesabika ni daftari la Msajili wa Hati. Kabla ya kulipa chochote, chukua nakala ya hati, wewe au wakili wako, muombe Msajili upekuzi rasmi na ulipie ada yake. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, na kama kiwanja kina rehani ya benki, zuio au amri ya mahakama.

Tuseme kiwanja kiko Kigamboni, bei ni shilingi milioni 24, kwa awamu tatu za milioni nane. Muuzaji ana hati halisi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa yuko tayari kugonga muhuri. Upekuzi unarudi na jina la baba wa muuzaji, ambaye alishafariki. Hapo hakuna kilichoghushiwa, ila anayeuza hana mamlaka.

Atakuletea muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za ndugu wote. Muhtasari huo humpendekeza tu; anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Mwombe barua ya usimamizi, kisha nenda na namba ya shauri kwenye mahakama iliyoitoa, uulize kama uteuzi bado upo na kama kuna mrithi aliyepinga. Naye msimamizi aandikishwe kwanza kwenye daftari la Msajili, ndipo aweze kukuhamishia. Shughuli hiyo huchukua muda, na muuzaji mwenye haraka atakuomba "kidogo cha kuanzia" ili aigharamie. Usitoe. Fedha hiyo ikishatoka, utaidai kwa mtu ambaye huenda mahakama isimteue kamwe.

Muuzaji akiwa ndiye mmiliki mwenyewe na ana ndoa, dai ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi. Na uwanjani, mpimaji alinganishe bikoni na ramani ya upimaji, maana wapo wanaoonyeshwa kiwanja kimoja na kuuziwa namba ya kingine.

Mkataba nao ufuate hatua hizi. Milioni nane za kwanza zilipwe baada ya msimamizi kusajiliwa, za pili nyaraka za uhamisho zikishasainiwa na hati halisi kukabidhiwa kwa wakili, za mwisho jina lako likishaingia kwenye daftari. Uandikwe pia kwamba uhamisho ukikwama, fedha zitarudi ndani ya siku zilizotajwa. Mkishasaini, wakili wako aombe zuio kwa Msajili, ili kiwanja kisiuzwe wala kuwekwa rehani huku wewe ukiendelea kulipa.

Upekuzi husema hali ilivyokuwa siku ulipofanyika tu. Kabla ya kila awamu, omba mwingine.