Kamati 'imekubali', 'zimekubali' au 'wamekubali'? Muuzaji asome vizuri kabla ya kununua mzigo

WAFANYABIASHARA wanaopokea majibu ya zabuni kwa barua pepe huangalia kwanza bei, kiasi na tarehe ya malipo. Wachache huangalia kiambishi kilicho mwanzoni mwa kitenzi, ingawa mara nyingine hicho ndicho kinachoonyesha ni nani hasa aliyekubali kununua.

Maneno kama timu, kamati, bodi na menejimenti hayabadiliki yanapoingia katika wingi. Kamati ni kamati, ziwe moja au tano. Kinachotofautisha ni kitenzi: kamati moja 'imekubali', kamati mbili 'zimekubali'. Tatizo hili ni dogo kwa maneno kama baraza na kikundi, kwa sababu yenyewe hugeuka kuwa mabaraza na vikundi, na msomaji huona wingi hata kabla ya kufika kwenye kitenzi.

Aidha, kuna 'wamekubali'. Katika mazungumzo watu husema 'timu wamefika' au 'menejimenti wamekataa' kwa kuwa wanawafikiria watu waliomo ndani. Kwa Kiswahili sanifu, kundi likitajwa kama chombo kimoja hupewa 'i': timu imefika, menejimenti imekataa. Kiambishi 'wa' ni cha watu wenyewe, yaani wachezaji, wajumbe au mameneja.

Chukua mfano wa muuzaji wa mchele aliyeomba kuiuzia taasisi moja tani 12 kwa shilingi 1,850 kwa kilo, biashara ya shilingi 22,200,000. Anapata barua pepe hii: "Kamati ya manunuzi na menejimenti zimekutana Jumanne. Imekubali bei yako. Wataleta oda wiki hii."

Muuzaji anasoma neno 'bei yako', anakopa fedha na kununua mzigo. Wiki inapita bila oda. Anapofuatilia, anaelezwa kwamba kamati ndiyo iliyokubali, lakini menejimenti bado haijaidhinisha fedha. Mchele uko ghalani na riba inahesabiwa.

Dalili ilikuwemo katika barua yenyewe. Sentensi ya kwanza ina vyombo viwili, na kitenzi chake ni 'zimekutana'. Sentensi ya pili inarudi kwenye 'imekubali', ikimaanisha chombo kimoja tu, bila kukitaja. Kama vyote viwili vingekubali, neno lingekuwa 'zimekubali'. Sentensi ya tatu inasema 'wataleta', lakini hakuna watu waliotajwa mahali popote katika barua hiyo. Kwa hiyo hakuna anayejulikana kuwa na wajibu wa kuleta oda.

Hata hivyo, kiambishi peke yake si ushahidi wa kutosha. Huenda karani alikosea, akakusudia vyombo vyote viwili. Ndiyo maana muuzaji anayekuta 'i', 'zi' na 'wa' zimechanganywa katika aya moja anapaswa kujibu kwa swali moja kabla ya kukopa: "Aliyekubali ni kamati, menejimenti, au vyote viwili?" Jibu litakalokuja kwa maandishi ndilo la kushika.

Kwa upande wa mwandishi, dawa ni kurudia jina la chombo badala ya kuliachia kitenzi kazi yote. Barua ile ingeandikwa hivi: "Kamati ya manunuzi imekubali bei yako. Menejimenti bado haijaidhinisha malipo. Ofisa manunuzi atakuletea oda baada ya idhini hiyo." Na pale jambo linapowahusu watu mmoja mmoja, watajwe: "wajumbe wa kamati wametofautiana" inaeleweka kuliko "kamati wametofautiana".

Vitenzi vinavyoishia na 'ana' vinahitaji uangalifu zaidi. Ukisoma "kamati imekubaliana", hujui kama wajumbe wamekubaliana wao kwa wao au kamati imekubaliana na upande mwingine. Yote mawili yanawezekana, lakini la pili tu ndilo linaloweza kuwa na maana ya mapatano na muuzaji.

Mchanganyiko huu huongezeka barua inapotafsiriwa kutoka Kiingereza. Waingereza huweza kuipa kamati moja kitenzi cha umoja au cha wingi, kutegemea kama wanafikiria chombo au watu waliomo. Wamarekani kwa kawaida hutumia umoja. Kwa hiyo kitenzi cha wingi katika barua ya mnunuzi wa London hakimaanishi kwamba kuna kamati mbili, wala kwamba wajumbe wamegawanyika. Karani anayekigeuza kuwa 'zimekubali' anaongeza kamati ambayo haipo, na muuzaji anaweza kudhani amepata idhini mbili wakati ana moja.