Nembo Iliyogeuka Mraba Mweusi

Katibu wa chama cha kuweka na kukopa anaandika barua kwenye kompyuta, anaweka nembo ya duara juu ya ukurasa, anaihifadhi kama PDF na kuwatumia wanachama. Kwake nembo inapendeza. Muda si mrefu mwanachama mmoja anapiga simu: mbona juu ya barua pana mraba mweusi? Mwingine aliyelifungua faili hilohilo kwa Firefox haoni kasoro yoyote. Faili ni moja, wala halikuharibika njiani.

Ndani ya PDF mna maagizo: andika maneno haya hapa, piga mstari pale, weka picha hii juu kushoto. Anayeyatekeleza ni programu inayolifungua faili, na kila programu ina mtambo wake wa kuchora. Chrome hutumia PDFium, Firefox hutumia PDF.js, na Evince ya kwenye Linux hutumia Poppler. Agizo ambalo mtambo mmoja unalitimiza lote, mwingine unaweza kulitimiza nusu.

Nembo ya katibu ilikuwa faili la PNG lenye pembe zisizo na rangi, ili duara likae juu ya karatasi bila fremu. PDF haiihifadhi PNG kama ilivyo, bali huigawa picha mbili. Ya kwanza ni ya rangi, nayo ni mraba kamili. Ya pili ni ya kijivu, tuiite barakoa, na kazi yake ni kueleza kila nukta ya picha ya kwanza ionekane kwa kiasi gani: 0 maana yake ifichwe kabisa, 255 ionekane yote.

Hapo ndipo weusi unapotokea. Zile pembe ni lazima ziandikiwe rangi fulani katika picha ya kwanza, hata kama hakuna anayetarajia kuziona. Mara nyingi programu ya michoro huzijaza sifuri: nyekundu 0, kijani 0, bluu 0. Rangi hiyo ni nyeusi. Programu inayoisoma barakoa huzificha pembe. Isiyoisoma hupaka mraba wote.

Barakoa za aina hii ziliingia katika PDF toleo la 1.4, mwaka 2001. Programu kubwa zinazielewa, lakini baadhi ya programu ndogo za simu na printa za zamani hazizimudu. Mwenye kompyuta yenye zana za Poppler anaweza kuhakikisha kwa amri moja:

```
pdfimages -list barua.pdf
```

Kwa nembo moja hutokea mistari miwili yenye vipimo sawa, tuseme 300 kwa 300: mmoja umeandikwa `image`, mwingine `smask`. Huo wa pili ndio barakoa.

Tiba nyepesi ni kurudi kwenye nembo yenyewe, kuijaza mandhari nyeupe, kuihifadhi kama JPEG, kisha kuiweka upya kwenye barua. JPEG haina uwazi, kwa hiyo barakoa haitahitajika. Asiye na barua ya asili anaweza kutumia Ghostscript:

```
gs -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dCompatibilityLevel=1.3 barua.pdf
```

Toleo la 1.3 halijui uwazi, hivyo rangi na barakoa huunganishwa kabisa. Gharama yake ni kwamba ukurasa mzima wenye uwazi unaweza kugeuzwa picha, na maneno yake yasiweze tena kutafutwa wala kunakiliwa.

Picha inapotoweka na kuacha nafasi nyeupe, chanzo huwa kingine. Hutokea sana kwenye vitabu vilivyoskaniwa, kama vile vya Internet Archive. Ili faili liwe dogo, ukurasa hutenganishwa tabaka: karatasi na picha zake hubanwa kwa JPEG 2000, na umbo la herufi hubanwa peke yake kwa JBIG2. JPEG 2000 iliruhusiwa katika PDF toleo la 1.5, mwaka 2003, na si sawa na JPEG ya kawaida. Programu nyingi huria humwachia kazi ya kuifungua msaidizi wa nje kama OpenJPEG. Asipokuwapo, maneno hubaki yakielea juu ya weupe na picha hazionekani. Amri ileile ya `pdfimages` itaonyesha `jpx` kwenye safu ya `enc`.

Visanduku vidogo vilivyokaa mahali pa herufi ni shauri la fonti ambazo hazikuwekwa ndani ya faili, si la picha.

Kabla ya kumlaumu aliyetuma, mpokeaji alifungue faili kwa programu mbili zisizotumia mtambo mmoja, kwa mfano Chrome na Firefox. Weusi ukionekana kwenye moja tu, picha bado ipo na kubadilisha programu kunatosha. Ukionekana kwenye zote mbili, yaelekea uliingia wakati PDF ilipotengenezwa, na aombwe katibu alitengeneze upya.